Kuunganisha magulio ya wiki upate ruti ya kuuza: mfano wa Soni, Lushoto, Bumbuli na Mlalo

Maswali ni yaleyale kila mwezi. Nianze na gulio gani, nizunguke mangapi kwa wiki, nibebe mzigo wote au nusu, na mbona fulani anazunguka wiki nzima halafu hana kitu. Naandika mara moja hapa ili mtu akiuliza tena nimtupie hii asome.

Nitatumia milima ya Usambara, upande wa Lushoto na Bumbuli, kwasababu magulio ya huko yako karibu karibu na siku zake zinapokezana vizuri. Biashara ya mfano ni mitumba ya watoto na masweta, maana kule baridi lipo na sweta linauzika sana hasa Juni mpaka Agosti. Kama we unauza vyombo vya plastiki au dagaa hesabu ni ileile, unabadilisha bei tu.

Kabla hatujaanza ujue kitu kimoja, ruti sio kujaza siku saba. Ruti ni kupata magulio makubwa mawili matatu ambayo ndo yanakulipa, halafu haya madogo unayaingiza pale tu yanapokuwa njiani au karibu na stoo yako. Mtu akianza kwa kuuliza "Jumatano naenda wapi" kwasababu tu Jumatano iko wazi, huyo ameshaanza kuliwa na nauli.

Vitu vya kuwa navyo

- Daftari na kalamu. Simu inaweza kutumika ila gulioni mikono imejaa, daftari ni rahisi zaidi.
- Turubai mbili, moja ya kutandika chini na moja ya kufunika mvua ikija. Kule mvua haipigi hodi.
- Mifuko ya salfeti mikubwa na kamba za kufungia.
- Sehemu moja ya kuweka mzigo. Chumba chako kinatosha.
- Chenji, za mia tano na za elfu, na lipa namba ya simu.
- Kitambulisho cha mjasiriamali kama unacho. Vile vilivyoanza Desemba 2018 vilikuwa vya shilingi 20,000 kwa wenye mauzo chini ya milioni 4 kwa mwaka, na utaratibu umebadilika toka hapo, kwahiyo nenda kaulize ofisi ya kata yako wanataka nini sasa hivi.
- Hela ya gharama za wiki mbili iliyotengwa pembeni, isiyochanganyika na hela ya mzigo.

Hatua ya 1: Andika siku zote kwenye karatasi moja

Chora wiki, kila siku na gulio lake, na uandike kubwa au dogo. Kwa upande wetu huu inakaa hivi:

- Jumanne: Soni (kubwa). Bumbuli nako kuna dogo.
- Jumatano: Mlalo, na Sunga pia.
- Alhamisi: Lushoto mjini (dogo)
- Ijumaa: Soni (dogo)
- Jumamosi: Bumbuli (kubwa)
- Jumapili: Lushoto mjini (kubwa)
- Jumatatu: acha wazi, utaona kwanini.

Ukishaandika hivyo vitu viwili vinajitokeza vyenyewe. Cha kwanza, sehemu zinazotumia barabara moja hazigongani siku zake kubwa, Soni na Lushoto kwa mfano ziko kama kilomita 15 tu na kila mmoja ana siku zake. Cha pili, kuna migongano ambayo huwezi kuikwepa. Jumanne ni Soni au Bumbuli, Jumatano ni Mlalo au Sunga, huwezi kuwa kote. Zungushia duara hiyo migongano, tutairudia.

Siku uhakikishe mwenyewe kwa watu wanaouza palepale. Usimuulize dereva wa stendi, dereva anajua siku ambayo gari lake linajaa basi. Na uulize kama ni gulio la siku ya wiki au la tarehe, kwasababu sehemu nyingine zinaenda na tarehe, mfano mnada wa Karatu ni tarehe 7 na 25 za kila mwezi, ukiupanga kama Jumanne utafika ukute mbuzi wawili na upepo. Kwa walioko Arusha, chora hivihivi na Tengeru Jumatano na Jumamosi, Ngaramtoni Alhamisi na Jumapili, uanzie hapo.

Hatua ya 2: Nenda bila mzigo kwanza

Hii watu wanairuka na ndo yenye faida. Nenda kila gulio unalolifikiria, mikono mitupu, ukae toka asubuhi mpaka watu wanaondoka. Usihesabu watu, watu kujaa sio mauzo. Angalia wanaoondoka wamebeba nini. Wakiwa wamebeba sukari, sabuni na mafuta ya taa tu, hela ya nguo haipo hapo au haipo msimu huo.

Angalia pia saa ya hela. Wateja wengi wa huku ni wakulima, anashuka na kabichi, karoti, viazi au matunda, anauza kwanza ndo ananunua. Kwahiyo saa moja asubuhi anakupita kama hakuoni, ikifika saa nne au tano huyohuyo anarudi anachambua sweta la mtoto. Ukijua saa hiyo ni ngapi kwa kila gulio utajua ufike saa ngapi na nguo nzuri uziweke juu saa ngapi. Bei ya mboga ikianguka wiki hiyo na wewe umeanguka, usimlaumu mganga.

Halafu hesabu wanaouza kitu kama chako. Wakiwa wengi usiogope, nguo zinapenda kuwa pamoja, mteja anaenda pale zilipo nyingi. Mbaya ni ukikuta hakuna hata mmoja, uliza kwanini.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya kusimama

Kila gulio lina gharama ya kusimama pale hata usipouza shati moja. Nauli, nauli ya mzigo, wabebaji, ushuru, chakula, na kulala kama unalala. Hizi namba hapa chini ni za mfano, weka zako.

Tuseme kwenye kila shilingi 1,000 unayouza, 350 ndo faida kabla ya gharama. Chumba na stoo yako viko Lushoto mjini.

Lushoto Alhamisi (dogo): ushuru 1,000, mkokoteni 3,000, chakula 3,000. Jumla 7,000. Ili urudi sifuri unatakiwa uuze 20,000, yaani 7,000 gawanya kwa 0.35.

Mlalo Jumatano: nauli kwenda na kurudi 12,000, mzigo 8,000, wabebaji 4,000, gesti 10,000, chakula 7,000, ushuru 1,000. Jumla 42,000. Kurudi sifuri mpaka uuze 120,000.

Sasa tuseme Mlalo umeuza 200,000, umefurahi. Faida ni 70,000, toa 42,000, unabaki na 28,000. Lushoto Alhamisi umeuza 90,000 tu, hukufurahi sana. Faida 31,500 toa 7,000, unabaki na 24,500. Tofauti ni 3,500, na Lushoto umelala kwako. Na mvua ikinyesha Mlalo ukauza 100,000 umepata hasara ya 7,000 juu ya uchovu.

Ndo maana nasema gulio dogo karibu na stoo sio la kudharau. Simaanishi Mlalo hakufai, namaanisha Mlalo kunataka sababu. Mkiwa wanne mkakodi kirikuu kwa 60,000, kila mtu 15,000 badala ya ile 20,000 ya nauli na mzigo, mkaondoka Lushoto alfajiri bila kulala gesti, gharama inashuka kutoka 42,000 mpaka 27,000, na kurudi sifuri ni kama 77,000. Hapo hesabu imebadilika kabisa.

Fanya hii kwa kila gulio kwenye karatasi yako, kisha yapange kwa kile kinachobaki mfukoni, mauzo usiyaangalie.

Hatua ya 4: Panga njia ifuate barabara

Stoo ikae pale lilipo gulio lako kubwa, au pale barabara zinapokutana. Lushoto mjini panafaa kwasababu Jumapili ni palepale na Alhamisi ni palepale, siku mbili bila nauli. Soni nayo inafaa kwa anayependa Bumbuli.

Halafu unganisha. Ukipanda kutoka Mombo unapita Soni kabla hujafika Lushoto, na njia ya Bumbuli inaachana hapohapo Soni. Kwahiyo ruti inajipanga hivi:

Jumatatu unashuka kuchukua mzigo Mombo, Korogwe au Tanga, au unapokea belo lililotumwa na basi kutoka Dar. Jumanne hulazimiki kuufikisha mzigo Lushoto kwanza, unaushusha Soni njiani unauza, jioni unapanda na kilichobaki. Jumatano unapumzika na kupanga nguo, au Mlalo ile wiki ambayo mmepata kirikuu. Alhamisi Lushoto. Ijumaa unashuka Soni, unauza gulio dogo, mzigo unalala hapo kwa mtu unayemwamini. Jumamosi asubuhi Bumbuli, jioni unarudi Lushoto. Jumapili Lushoto kubwa.

Unaona Ijumaa ya Soni imeingia kwasababu tu iko njiani kwenda Bumbuli. Yenyewe peke yake nisingeishauri.

ANGALIZO la usafiri wa milimani, hapa wageni wanaumia sana. Magari mengi ya vijijini yanashuka kuja mjini alfajiri na yanapanda kurudi kijijini mchana. Yamepangwa kwa ajili ya mtu wa kijijini mwenye shida mjini, wewe unataka kinyume chake. Ukitegemea hayo kwenda Mlalo au Sunga Jumatano inabidi upande Jumanne mchana, na Jumanne mchana ndo uko Soni katikati ya mauzo. Usiue Soni kwa ajili ya kuwahi gari la Mlalo. Kirikuu ya pamoja ya alfajiri, au uache.

Hatua ya 5: Gawa mzigo kabla ya kutoka

Belo likishafunguliwa nguo nzuri zinaondoka za kwanza, kwahiyo gulio la kwanza linakula nyama na la mwisho linabaki na mifupa, usipogawa mwenyewe. Mimi napendelea mabelo mawili kwa wiki ukiwa na mtaji, au moja uligawe.

Belo la kwanza fungua Soni Jumanne. Kinachobaki kwa watu wa Lushoto Alhamisi bado ni kipya, hawajakiona. Lakini usikirudishe Soni Ijumaa kwa bei ileile, wale wameshakichambua Jumanne wakakiacha. Ijumaa Soni tandika chini uite fagia, mia tano na elfu, umalize.

Belo la pili, kabla hujaenda Bumbuli, kaa chini chumbani Alhamisi usiku uchambue. Zile nzuri kabisa, masweta mazito, magauni ya watoto ambayo hayajafubaa, majaketi yenye zipu nzima, zigawe katikati. Nusu inaenda Bumbuli, nusu funga kwenye salfeti, shona mdomo, iache Lushoto. Shona kweli, maana Bumbuli mteja akikubembeleza "hamna nyingine kama hii" mkono utakuwasha ufungue. Jumapili asubuhi ndo unakata uzi. Jumapili Lushoto ndo gulio lenye ushindani, ukitandika mabaki ya Jumamosi watu wanayajua kwa macho.

Hatua ya 6: Siku yenyewe

Fika mapema hata kama hela inakuja saa nne, kwasababu ya nafasi. Nafasi nzuri ni kwenye njia ya kutoka sehemu ya mboga kwenda kwenye magari, mtu anapita ameshauza. Kaa sehemu moja kila wiki, mteja wa gulio anakumbuka sehemu, jina lako hana habari nalo. Salimia majirani, mwenye sehemu ya pembeni akiitwa mama fulani mwite hivyohivyo, ndo atakayekuangalizia mzigo ukienda chooni.

Ushuru lipa na udai risiti ya mashine. Ujue Soni na Bumbuli ziko Halmashauri ya Bumbuli, Lushoto mjini na Mlalo ziko Halmashauri ya Wilaya ya Lushoto, kwahiyo usijaribu kuonyesha risiti ya Ijumaa Soni pale Lushoto Jumapili, hiyo sio hela yao. Mtu akikudai bila mashine mwambie kwa upole unasubiri mwenye mashine.

Ijumaa kuna swala, kati ya saa sita na saa nane panapoa, usianze kushusha bei kwa hofu. Jumapili kuna wimbi linatoka kanisani.

Saa moja kabla ya gari la mwisho anza kufunga. Wengi wanachelewa kwa ajili ya mteja wa elfu mbili halafu wanakodi boda kwa elfu kumi na tano.

Hatua ya 7: Andika jioni ileile

Mistari minne inatosha: mauzo, gharama zote, kilichobaki mfukoni, na sababu kama siku ilikuwa ya ajabu (mvua, msiba, mboga imeshuka bei). Baada ya mwezi angalia. Gulio ambalo mara tatu kati ya nne limebakiza chini ya unachopata Lushoto Alhamisi, litoe. Lakini usilihukumu kwa wiki moja, na usilihukumu kwa wiki za kabla ya Idi, kipindi hicho nguo za watoto zinauzika hata ukitandika porini.

Makosa ninayoyaona sana

Kukopesha gulioni. Mteja wa gulio anaonekana mara moja kwa wiki, na akiwa na deni lako ataanza kupita njia nyingine. Umepoteza hela na mteja. Mtu akitaka sana, aweke kiporo, yaani analipia kidogo kidogo na nguo inabaki kwako.

Kubeba mzigo wote kila sehemu. Nauli ya mzigo unailipa kwa salfeti, na nguo ambayo haikuguswa umeilipia nauli ya bure kwenda na kurudi.

Kuwa na bei tofauti sana kati ya Soni na Lushoto. Watu wale wanajuana, na wengine wanazunguka magulio kama wewe.

Kuongeza gulio la sita kwasababu matano yanalipa. Yanalipa kwasababu Jumatano unapumzika na kuchambua mzigo.

Ikikwama

*Mauzo Lushoto Jumapili yameshuka ghafla, kwingine sawa.* Angalia mzigo kwanza, mara nyingi Bumbuli imekula nguo nzuri. Wiki inayofuata peleka salfeti iliyoshonwa, yakipanda umepata jibu. Yasipopanda, zunguka uangalie kama kuna mtu mpya ameleta aina yako.

*Mauzo yameshuka kote kwa pamoja.* Hiyo ni hela ya wakulima, nenda sehemu ya mboga uulize bei ya karoti na kabichi. Punguza ununuzi wa belo, peleka nguo za bei ya chini, achana na Mlalo mpaka bei irudi.

*Masika, barabara inateleza.* Machi mpaka Mei kata kila gulio ambalo gari likikwama unalala njiani. Baki na barabara ya lami ya Mombo, Soni na Lushoto. Bumbuli nenda ukiwa umepiga simu asubuhi kwa mtu aliyeko kule, sio kwa dereva.

*Gulio limeangukia sikukuu.* Uliza wiki moja kabla. Mara nyingi siku ya kabla ya sikukuu ndo inakuwa gulio kubwa na siku yenyewe inakufa. Hamisha mzigo mzuri uende siku ya kabla.

*Mtaji unaisha ila mauzo yapo.* Umeanza kula hela ya mzigo. Jumapili jioni, kabla hujanunua hata soda, toa hela ya belo uitume kwenye laini nyingine ambayo Jumatatu ndo unaiwasha. Kama baada ya kutoa hiyo hakuna kinachobaki cha kula, rudi hatua ya 3, kuna gulio moja kwenye ruti yako unalilipia usafiri kutoka kwenye faida ya mengine, na daftari litakuonyesha ni lipi.

*Una mtaji mdogo sana, hata belo zima huwezi.* Mabelo ya kilo 45 watu wanachangia wawili watatu wakagawana. Changia na mtu ambaye ruti yake haigusani na yako, mwenye Bumbuli Jumanne na Sunga Jumatano kwa mfano, ile migongano uliyozungushia duara mwanzoni. Mkigawana na mtu wa Soni mtakaa pembeni kwa pembeni mkiuza nguo pacha na kushushiana bei.